Profoma tatu za mabati na hakuna inayofanana na mwenzake

Shikamoo Anko. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaobangua korosho hapa Mikindani. Tunajenga banda la kazi, kuta tayari na kenchi fundi kashasimamisha, bado kuezeka tu. Fundi anasema paa lina pande mbili, kila upande mita 19 kwa urefu na mita 5 kushuka. Nikapiga simu sehemu tatu kuulizia bei ya bati la migongo mipana. Duka la Mtwara mjini wakasema 33,000 bati la mita tatu geji 30. Wakala mwingine hapahapa Mtwara akasema 13,500 kwa mita, la rangi, geji 30. Kiwanda cha Dar wakasema 11,200 kwa mita, la rangi, geji 28. Sasa kikao kimekuwa vurugu, mwenyekiti anasema Dar ndo rahisi na geji nzito juu tulipe leo, wengine wanasema duka la mjini kwa sababu ni karibu, afu kuna maneno kwamba duka hilo ni la shemeji yake mweka hazina wetu. Mimi nimezidisha na kujumlisha mpaka kichwa kinauma. Nimekutumia picha za profoma zote tatu. Tuchukue ipi?

Katibu, Mikindani

---

Marahaba mwanangu. Picha nimezifungua zote na nimezikuza mpaka maandishi ya chini kabisa, na jibu langu ni kwamba kwa sasa msichukue hata moja, na huyo mwenyekiti mwambieni asitume hela leo. Sio kwamba kuna tapeli humo. Ni kwamba kila mmoja amejibu swali lake mwenyewe, kwa sababu kwenye simu kila mmoja aliulizwa "bati mnauzaje" basi akasema anavouza yeye, mmoja kwa bati zima, mwingine kwa mita, mwingine kwa mita bila kodi na mzigo ukiwa bado upo Dar.

Nyie watu wa korosho hili mnalijua vizuri kuliko mimi. Kwenye mnada mzigo unatangazwa uko ghala gani, daraja gani, kilo ngapi, ndo wanunuzi wanataja bei zao juu ya mzigo uleule mmoja. Ingekuwa kila mnunuzi anataja bei ya korosho anazozifikiria yeye kichwani, nani angejua aliyepanda ni nani? Sasa kwenye mabati nyie ndo wanunuzi, mzigo unaotakiwa kutangazwa ni paa lenu, na haujatangazwa bado.

Ngoja kwanza nichukue hizihizi bei tatu niziweke juu ya paa lenu uone zinavogeuka.

Anza na Dar maana ndo anayewachanganya. Nadhani kwenye kikao mlifanya hivi, 11,200 mara mita 250 mkapata 2,800,000 mkafurahi. Hiyo mita 250 imetoka kwa fundi, mabati 25 kila upande, jumla 50 ya mita 5. Ila fundi amehesabu bati linalofunika sentimita 76, kwa sababu mita 19 ukigawa kwa 0.76 unapata 25 kamili. Sasa soma profoma ya Dar mstari wa nne, imeandikwa upana unaofunika ni milimita 700. Maana yake bati lao likishalala juu ya mwenzake linakufunikia sentimita 70 tu. Mita 19 gawa kwa 0.70 ni 27 na kidogo, na hiyo kidogo huwezi kuiacha wazi, kwa hiyo 28 kila upande, 56 jumla, mita 280. Hapo tayari ni 3,136,000. Chini kabisa kwa maandishi madogo wameandika bei haina VAT, weka asilimia 18 unafika 3,700,480. Halafu wewe mwenyewe pembeni umeandika kwa peni "usafiri 450,000", jumla 4,150,480 na bado hamna kofia wala skrubu humo. Aliyeonekana rahisi kuliko wote kwenye kikao amekuwa wa juu kuliko wote, na hakuna alipodanganya, yote aliyaandika.

Duka la mjini wao wana bati la mita tatu tu, tena lao halina rangi, ni jeupe. Mteremko wenu ni mita 5, kwa hiyo kila mstari unataka mabati mawili, mita 6 kwa kazi ya mita 5. Ukitoa sentimita 20 za kulaliana pale katikati bado kuna kipande cha sentimita 80 kinakatwa kila mstari na mmekilipia. Mabati 100 mara 33,000 ni 3,300,000, hakuna kofia, hakuna skrubu, ila usafiri mpaka Mikindani wameandika ni juu yao na VAT imo. Na kama wana la mita mbili na nusu, mngechukua la tatu na la mbili na nusu kila mstari upotevu ungepungua sana, lakini hilo hamkuwauliza na wao hawakujua paa lenu likoje, kwa hiyo wangesemaje.

Huyu wakala wa 13,500 ambaye kwenye simu ndo alionekana ghali, bati lake linafunika sentimita 76, anakata mita 5 kamili, 50 mara 5 ni mita 250, inakuja 3,375,000 VAT imo na kushusha Mikindani kumo, na ameweka kofia 11 za mita mbili kwa 12,000 kila moja, 132,000. Jumla 3,507,000. Skrubu hajazitaja.

Sasa usikimbilie kusema basi wakala kashinda. Dar anauza geji 28 yenye rangi, wakala geji 30 yenye rangi, duka geji 30 jeupe. Ukimshindanisha mwenye bati nene na mwenye bati jembamba kwa bei tu unamwonea yule mwenye nene, na kesho akijua mlivomhukumu hawezi kuhangaika kuwapa bei nzuri tena. Na kuna jambo la pili chini ya hapo ambalo ndo kubwa kuliko yote, hiyo "geji 30" ya duka na "geji 30" ya wakala mimi siamini kama ni kitu kimoja.

Geji ni namba ya jedwali na majedwali yako zaidi ya moja. Kwenye jedwali la zamani la Waingereza la mabati geji 30 ni kama milimita 0.31 na geji 28 ni kama 0.40. Kwenye jedwali la Wamarekani la bati lenye zinki geji 30 inakaribia 0.40. Yaani geji 30 ya jedwali moja ni sawa na geji 28 ya jedwali lingine! Muuzaji akikuambia geji bila milimita hujaambiwa kitu cha kupima. Nenda maduka yoyote yale ya vifaa vya ujenzi ukaulize geji 30 ina milimita ngapi uone watakavokuangalia.

Na hata milimita yenyewe ina mlango wa nyuma. Bati la rangi lina vitu vitatu, chuma katikati, mpako wa alumini na zinki juu na chini, halafu rangi. Mmoja anapima chuma peke yake, mwingine anapima vyote kwa pamoja. Mpako mzito unaoitwa AZ150, yaani gramu 150 kwa kila mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, unachukua kama milimita 0.04, rangi nayo juu na chini inaweza kuchukua kama 0.03. Kwa hiyo bati la "0.30 jumla" ndani yake chuma kinaweza kuwa 0.23 tu. Kwenye profoma yote mawili yanasomeka 0.30 na hakuna aliyesema uongo. Ndo maana kwenye ombi lenu msiandike geji kabisa, andikeni milimita na andikeni ni unene wa chuma peke yake kabla ya mpako na rangi.

Halafu mpako. Hili mimi kwa mtu wa Mikindani ningelipa uzito kuliko hata geji, maana nyie mko ufukweni kabisa, upepo wa chumvi unagonga paa mwaka mzima. Bati halianzi kuoza kwa sababu ni jembamba, linaanza mpako ukishaliwa, na mpako mwepesi unaliwa mapema. Watu wanashindana geji 28 geji 30 kwenye kikao huku wamepigiwa bati lenye mpako wa gramu sijui ngapi ambao haukutajwa popote, na kweli kwenye profoma zako zote tatu hakuna hata moja iliyotaja mpako. Kama hela haitoshi vyote viwili, kwa pwani mimi naongeza kwenye mpako napunguza kwenye unene. Mwenzenu aliyeko Masasi au Nachingwea mbali na bahari anaweza kupanga kivingine na akawa sahihi.

Basi tuandike sasa. Hiki hapa chini mnaweza kukinakili kama kilivyo, mkabadilisha rangi na tarehe, mkagonga muhuri wa kikundi na kukituma kwa wote watatu siku moja, karatasi au wasapu vyote sawa, cha muhimu kisibadilike hata neno moja kati ya huyu na yule.

"Tunaomba bei ya vifaa vya kuezeka banda moja lililopo Mikindani, Mtwara. Paa lina pande mbili, kila upande mita 19 kwa urefu na mita 5 kutoka juu kabisa mpaka ukingoni. Papi ni mistari 6 kila upande. Tunahitaji bati la migongo mipana, la rangi ya kijani upande wa juu, kipande kimoja cha mita 5 bila kuunga katikati. Unene wa chuma peke yake, kabla ya mpako na rangi, usipungue milimita 0.30. Mpako uwe wa alumini na zinki, AZ150. Andika upana wa koili, yaani bati likiwa bado bapa kabla ya kukunjwa, upana ambao bati linafunika baada ya kulaliana, na idadi ya mabati yanayotosha paa lote. Weka kofia za bati hilohilo na mpako huohuo za kutosha mita 19. Weka skrubu zenye washa ya mpira, 4 kwa kila bati kwenye kila mstari wa papi. Bei iwe ya mzigo wote ukiwa umeshushwa bandani kwetu, VAT ikiwemo, na itatolewa risiti ya EFD. Kama hutozi VAT andika hivyo. Andika mzigo unafika siku ngapi baada ya malipo ya kwanza, malipo yanagawanywaje, na bei inadumu siku ngapi, zisipungue 30. Leta kipande cha sampuli cha sentimita 30 na karatasi ya kiwanda inayoonyesha unene na mpako. Kama una bati lingine unaloona linatufaa zaidi, bei yake iandike karatasi ya pili, lakini kwanza jibu hili. Majibu yafike kwa katibu kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa wiki ijayo."

Kuna vitu humo nimeviweka kwa makusudi ngoja nikueleze. Sikuandika "mabati 50" popote. Ukiandika 50, mwenye bati linalofunika 70 atakupa bei ya 50 na paa litabaki wazi, utarudi kununua sita mengine, na la kununua baadaye hata rangi inaweza isilingane kabisa. Ukimpa paa lenyewe idadi inakuwa mzigo wake yeye, akikosea amekosea yeye na imeandikwa. Skrubu vilevile, nimeweka nne kwa kila bati kila mstari, kwa hiyo mwenye mabati 50 ataleta 1,200 na mwenye 56 ataleta 1,344, na hiyo tofauti itaonekana kwenye bei yake bila wewe kuhangaika. Na msiniambie mtapigilia misumari ya kawaida kuokoa hela. Mwaka 2019 Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado ng'ambo tu hapo ya Ruvuma watu wa Mtwara tuliambiwa tukimbilie sehemu salama, upepo wa namna hiyo unaanza na bati lililolegea. Skrubu nazo ziwe na mpako, maana kutu inaanzia kwenye tundu.

Hilo la karatasi ya pili nalo ni muhimu, kuna muuzaji mzoefu anaweza kukuambia mama hapo kwenu pwani afadhali hiki kuliko hicho, na anaweza kuwa sahihi, hutaki kumfunga mdomo. Ila ukimwacha ajibu na kitu chake tu umerudi palepale pa mwanzo. Ajibu chenu kwanza. Na kama mbadala wake ukiwavutia nyote, mnaandika upya ombi mnawapa wote watatu nafasi ya kuutolea bei, sio mnamchukua yeye tu kimyakimya.

Jina la kiwanda msiweke. Wala usiandike "msauzi" ukadhani umeeleza, kila kiwanda na msauzi wake, migongo tofauti na upana tofauti. Ukitaja kiwanda umewafungia wengine mlango na aliyetajwa anajua, hana sababu ya kushusha bei.

Kabla ya kutuma mrudishe fundi juu na futi kamba, apime yeye na mmoja wenu, maana vipimo ndo vinabeba kila kitu hapo. Akosee nusu mita kwenye mteremko mtapata mabati 50 mazuri ya bei nzuri ambayo hayafiki ukingoni.

Mkishatuma, maswali yatakuja. Mmoja atapiga simu aulize mfano "mteremko mita 5 umehesabu na lile bati linalotoka nje ya ukuta?" Usimjibu peke yake ukaishia hapo. Jibu liandike liende kwa wote watatu, kwamba ndiyo, mita 5 ni pamoja na linalotoka nje. La sivyo mmoja ana taarifa ambayo wenzake hawana na bei zimeshaanza kutofautiana kwa sababu nyingine. Na kuna swali moja litakuja ambalo usilijibu hata kidogo, "mwenzangu amekupa shilingi ngapi nikushushie?" Ukimjibu huyo, kesho yule mwingine atakuuliza hivyohivyo na wewe ukishaanza kuuza bei ya mtu kwa mtu hakuna atakayekupa bei yake halisi, kila mmoja ataweka ya juu ili apate pa kushukia.

Majibu yakifika usifungue ukiwa peke yako nyumbani. Subiri kikao, mfungue yote kwa pamoja, waliohudhuria wasaini juu ya kila profoma. Ya wasapu ni shida kidogo kwa sababu inajifungua yenyewe, kama inawezekana waombe walete kwenye bahasha, na wa Dar atume bahasha kwa basi, mabasi ya Dar–Mtwara yanabeba vifurushi kila siku.

Kulinganisha kwenyewe kunakuja kwa hatua mbili na msizichanganye. Kwanza mnauliza nani amejibu kilichoulizwa. Chuma 0.30? Mpako AZ150 na karatasi ya kiwanda ipo? Kipande kimoja cha mita 5? Asiyefikia hapo bei yake mnaiweka pembeni hata iwe tamu vipi, duka la mjini likirudi na bati la mita tatu jeupe hilo sio jibu la ombi lenu. Waliobaki ndo mnaangalia bei, na mnaangalia namba moja tu, jumla ya hela itakayotoka kwenye akaunti ya kikundi mpaka mzigo umeshuka bandani. Nyie kama hamjasajiliwa VAT hamrudishiwi kitu, kwa hiyo VAT kwenu ni gharama kama gharama nyingine, msishawishike na mtu anayewaonyesha bei kabla ya kodi.

Kama mmoja kasahau kitu, tuseme kofia, mpigie aongeze kwa maandishi. Asipojibu na bado mnataka kumpima, njia mojawapo inayotumika kwenye manunuzi ni kuchukua bei ya juu ya kofia kati ya wale walioitaja na kumjazia yeye, mfano kama aliyetaja ya juu ni 132,000 basi naye mnamwongezea 132,000 kwa ajili ya kulinganisha tu. Inaonekana ukali lakini ukimjazia ya chini mtakuwa mnampa faida kwa kusahau.

Masharti ya malipo nayo ni bei hata kama hayana namba. Profoma ya Dar inataka asilimia 100 kabla ya mzigo kupakiwa, ya wakala nusu kwanza nusu mzigo ukishashuka. Tofauti ikiwa laki moja mimi namchukua wa nusunusu bila kufikiri, maana ile nusu iliyobaki mkononi mwenu ndo itamfanya aje kubadilisha bati lililokwaruzwa njiani. Na siku za kufika ziangalieni sana, mvua zikianza bandani hamna paa na korosho za msimu zimeshaanza kuingia, bei nzuri ya mzigo utakaofika Januari haiwasaidii chochote.

Tukija kwa shemeji wa mweka hazina, hakuna kosa duka lake kuombwa bei, liombwe kama wengine. Ila mweka hazina aseme mwenyewe kikaoni kwamba yule ni ndugu, iandikwe kwenye muhtasari, na siku ya kufungua bahasha na ya kuamua atoke nje, asaini tu malipo baadaye. Mkimficha, duka hilo likishinda kwa haki kabisa hakuna atakayeamini, na mkilinyima kwa sababu ya maneno ya watu mtakuwa mmemwonea mfanyabiashara aliyewapa bei halali.

Aliyeshinda mpeni oda ya maandishi na ile karatasi ya ombi iambatane nayo, iandikwe wazi kwamba mzigo utapokelewa ukilingana na hiyo. Kwa nini nasisitiza, kwa sababu mzigo ukifika mtaupima, na kupima ni rahisi kuliko mnavyofikiri kwa kuwa nyie mizani mnayo. Kabla gari halijaondoka chagueni wenyewe mabati matano kutoka sehemu tofauti za furushi, msipewe na dereva, yapandisheni kwenye mizani ya korosho. Chuma cha unene wa milimita moja kina uzito wa kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Tuseme koili kabla ya kukunjwa ilikuwa na upana wa milimita 914, bati la mita 5 linakuwa mita za mraba 4.57. Kwa 0.30 chuma peke yake ni kama kilo 10.8, mpako na rangi vinaongeza karibu kilo moja, kwa hiyo kila bati tegemea kilo 11 na nusu na kidogo, matano kama 58. Likiwa ni lile la 0.30 jumla na rangi yake, moja litakuja kama kilo 9 na matano kama 46. Tofauti ya kilo 12 kwenye mizani haihitaji mtaalamu. Mkikuta 57 pokeeni mzigo, viwanda navyo vina kupungua na kuzidi kidogo, ila mkikuta 47 msishushe, mpigieni muuzaji palepale dereva akiwepo na ile nusu ya pili ikae kwanza. Kile kipande cha sampuli nacho kiwekeni, mfananishe na mzigo kwa macho na kwa kukunja kona kidogo.

Kwa leo mpigie Dar umuulize kama anaweza kukata bati la AZ150 na chuma 0.30, na kama ana koili ya upana mwingine unaofunika zaidi ya sentimita 70. Mwambie ombi la maandishi linakuja. Wale wawili wa Mtwara wapigie pia uwaambie hivohivo, profoma walizotoa mnazishukuru ila mnaomba upya kwa maandishi, wala usiwaambie kwa nini.